Kioo cha Mapokezi

Hebu niambie, wewe ukiona alama ya kidole kwenye kioo, huifuta kwa kitu gani? Kwa pindo la leso? Kwa pumzi ya mdomo na kiganja? Au nawe ni katika wale wanaotia mate? Usicheke, maana kila mtu ana njia aliyoikuta kwao, na kila mtu huamini kwamba ya kwao ndiyo njia. Khamisa binti Mahadhi naye aliiamini ya kwao. Njia hiyo ilimtoa mtu kazini, na mtu huyo hakuwa yeye.

Khamisa alizaliwa Shela ya Malindi, zamani zile nyumba nyingi zikiwashwa kandili, na kazi ya mtoto wa kike ilikuwa kusafisha chemni, yaani kile kioo cha taa, kila alasiri kabla magharibi haijaingia. Mamake alimfundisha akiwa na miaka saba, kwa kuwa mkono wa mtoto huingia ndani ya chemni na wa mtu mzima hukwama. Twaa majivu ya mkaa, yachunge kwa kitambaa chepesi mpaka yawe laini kama unga wa wanja. Yatie unyevu kidogo tu. Sugua kwa kuzungusha, kisha maliza kwa gazeti kavu. Masizi yote hutoka, na chemni hubaki kama haipo. Ikikaribia Maulidi majirani walimletea chemni zao kwenye ungo, kumi, kumi na tano, na yeye alikaa barazani akazirudisha moja moja zikimeta. Sifa ile ilimkaa mwilini. Hata alipokuwa mtu mzima, mama wa watoto wanne walioozwa, ukimwambia kioo kimekushinda, yeye alikuwa hana budi ainuke aende akakione.

Mwaka ule wa themanini na nane alikuwa ametimiza miaka kumi na mmoja akisafisha katika hoteli moja ya Wataliano, pale ufuoni. Vioo vya vyumba arubaini vilikuwa vyake. Mumewe, Fumo, Mbajuni wa Faza aliyekuwa fundi wa kuchonga milango, alipigwa na kiharusi na upande mmoja ukafa, na kwa mwaka wa tatu sasa alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba, akigeuzwa asubuhi na akigeuzwa jioni. Uji aliokunywa Fumo ulitoka hotelini. Dawa ilitoka hotelini. Khamisa hakulisema jambo hilo kwa watu, lakini kila alipoingia lango la hoteli alitanguliza mguu wa kulia na kusoma bismillahi kama mtu anayeingia msikitini.

Chini yake palikuwa na msichana aitwaye Kache, Mgiriama wa Vitengeni, ambaye Khamisa mwenyewe alimwombea kazi. Kache alikuwa na miaka ishirini na mbili. Alikuwa amemkimbia mumewe, Dzombo, mtu wa mkono mwepesi, ambaye alimpiga kwa lolote: chakula kikichelewa, na kikiwahi pia. Babake Kache hakuwa mbaya wa moyo, alikuwa mtu wa ng'ombe wawili na neno moja. Alimwambia mwanawe, "Ukiwa na kazi mjini, kaa mjini, nami nitamwambia Dzombo asubiri. Siku utakayoikosa kazi utarudi kwa mumeo, kwa sababu mahari yake nimeshayala." Basi Kache alipanga chumba Muyeye, na alifanya kazi kama mtu anayechota maji nyumba ikiungua. Alikuwa bado wa muda, hajaandikwa. Khamisa aliyajua yote haya, maana Kache alimsimulia wakikunja mashuka, na alimwita mayo, kama Wagiriama wamwitavyo mama.

Mwezi wa pili hoteli ikaletewa kompyuta. Ilikuwa ya kwanza katika ufuo ule, na watu wa hoteli za jirani walikuja kwa visingizio ili waione. Iliwekwa mapokezi, juu ya meza ya mbao, uso wake ukielekea mlango mkubwa unaoingiza jua la asubuhi. Kioo chake hakikuwa kama cha televisheni. Ukikitazama kwa upande kilikuwa na rangi ya zambarau iliyofifia, kama kifua cha njiwa.

Fundi aliyeileta kutoka Mombasa aliwakusanya wafanyakazi wa mapokezi na wa usafi akawaambia, taratibu, kwa Kiswahili chake cha bandarini:

"Sikilizeni, kina mama. Hiki kioo kimepakwa utando. Mwembamba, hata unywele ni mnene mbele yake. Kazi yake ni kuzuia mng'aro wa jua, msomaji asijione uso badala ya kuona herufi. Ukitaka kufuta, zima kwanza, chomoa waya, acha kipoe. Kikiwa kimewaka kina umeme juujuu, ndio huo unaovuta vumbi. Kisha pangusa vumbi kwa kitambaa laini kikavu, pole pole, usikandamize. Alama za vidole zikibaki, tia kitambaa maji ya betri matone machache. Kitambaa ndicho cha kulowa, kioo kisimwagiwe. Halafu kausha kwa kitambaa cha pili. Spiriti, hapana. Dawa ya vioo yenye kunusa vikali, hapana. Sabuni ya unga, hapana."

"Maji ya betri si yanaunguza?" Kache aliuliza.

"Inayounguza ni asidi. Mimi nasema maji yale matupu ya kuongezea betri ya gari. Yamesafishwa, hayana chumvi. Ya kisima chenu hapa yakikauka yanaacha mistari."

Khamisa alisikia yote, lakini alisikia kama mpishi mkongwe anavyosikia mgeni akimfundisha kupika wali. Na fundi, katika orodha yake ya hapana, hakutaja majivu. Angeyatajaje, mtu wa Mombasa, mwenye umeme tangu kuzaliwa?

Wiki tatu za mwanzo mambo yalikwenda. Zamu ya mapokezi ilikuwa ya Kache, na Kache alifanya kama alivyoambiwa, neno kwa neno. Taabu ilikuwa vidole. Kila mgeni aliyefika alitaka kuonyeshwa jina lake, na akilionyeshwa hulinyooshea kidole hadi kukigusa kioo, kidole chenye mafuta ya jua. Wenyeji nao hawakusalimika. Muhidin wa mapokezi alikuwa na desturi ya kula sambusa akiandika, na alama zake zilijulikana kwa harufu. Chupa ndogo ya maji ya betri aliyoiacha fundi ikaisha. Kache akaenda stoo kuomba nyingine, akaambiwa maji ya betri ni ya gari la hoteli, hayatolewi kwa mtu wa usafi bila saini. Mwenye kutia saini alikuwa safarini Nairobi. Mvua hakuna, ilikuwa kaskazi ya mwisho, matangi yamekauka hadi tope la chini linaonekana.

Akatumia maji ya kisima. Angefanyaje?

Asubuhi jua lilipoingia mlangoni kioo kikawa na mistari myeupe kutoka juu hadi chini, kama ukuta uliolizwa na mvua. Meneja, Bwana Mwaura, alikisimamia akakitazama. Mwaura alikuwa Mkikuyu wa Murang'a, mtu mpole ila mwoga wa wakubwa, na waoga wa wakubwa huwa wakali kwa wadogo.

"Kache, hii ni nini?"

"Ni maji, bwana. Ni chumvi."

"Mimi sitaki kujua ni chumvi ama ni sukari. Kesho saa tatu mwenye hoteli anaingia kutoka Italia na wenzake, na kitu cha kwanza atawaonyesha ni hii mashine. Nikiona mstari mmoja, mmoja tu, utatafuta kazi ya kupalilia mahindi huko kwenu."

Kache alikwenda nyuma ya kibanda cha kufulia akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Hakulia. Khamisa alimkuta amekishika kile kitambaa, anakikunja na kukikunjua.

"Nimefuta mara nne, mayo. Kikikauka, inarudi."

"Mstari wa chumvi unakutoa jasho? Kesho njoo alfajiri, kabla ya Muhidin. Niachie mimi."

"Utakifuta kwa kitu gani?"

"Kwa kilichokuwa kikifutia vioo kabla fundi wako hajazaliwa."

Jioni ile Khamisa alipomaliza kumgeuza mumewe na kumpaka mafuta mgongoni asipate vidonda, alichota majivu jikoni. Aliyachunga mara mbili. Alihisi kwa vidole kama kuna punje, akayachunga mara ya tatu, akayatia kwenye kopo la maziwa ya unga. Mtu asije akasema alifanya kwa uzembe. Katika maisha yake hakuwahi kuchunga majivu kwa uangalifu kama ule.

Alfajiri walikutana mapokezi, wao wawili peke yao, askari wa lango akiwa mbali kwenye kibanda chake. Kache alizima, akachomoa waya, akapangusa vumbi kwa kitambaa kikavu kama kawaida yake. Kisha Khamisa akafungua kopo.

Kache alipoona kilichomo akarudi hatua. "Mayo, fundi alisema kitambaa kikavu. Alisema kuna utando."

"Utando upo machoni pako. Mwanangu, hiki ni kioo au si kioo?"

"Ni kioo."

"Basi. Chukua deki upanguse ngazi. Ukisimama hapo utanitetemesha mkono."

Akatia majivu kwenye kitambaa chenye unyevu, akasugua kwa kuzungusha, kama kwenye chemni. Mistari ya chumvi ikatoka mara moja. Alama ya kidole iliyokuwa pembeni kabisa, ambayo Kache hakuweza kuitoa, ikatoka. Alisugua zaidi pale katikati, kwa sababu pale ndipo watu wanapotazama. Akamaliza kwa gazeti. Kwa mwanga ule hafifu wa alfajiri kioo kilikuwa safi, cheusi, kimetulia kama maji ya mtungini. Khamisa akarudi nyuma, akainamisha kichwa upande huu na upande huu, akaridhika.

"Haya, njoo uone chemni ya kina Mahadhi."

Kache akaja, akakitazama, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu jana yake. "Kweli mayo una mkono."

Saa mbili na nusu Muhidin alifika, akachomeka waya, akawasha. Jua lilikuwa limeshaingia mlangoni.

Katikati ya kioo palitokea wingu. Herufi zilizokuwa pembeni zilisomeka, za katikati zilikuwa na ukungu, kama mtu anayesoma kwa macho yenye mtoto wa jicho. Na juu ya wingu lile, jua lilipopiga, ilionekana mikwaruzo midogo midogo isiyo na idadi, yote ya duara, duara ndani ya duara. Ile rangi ya zambarau ilibaki kwenye pembe nne tu. Katikati, pale iliposuguliwa zaidi, ilikuwa imetoka kabisa, na mlango mkubwa ulijiona humo na minazi yake yote. Muhidin akapangusa kwa kitambaa kikavu. Akapumulia, akapangusa tena. Wingu halikutoka, maana halikuwa juu ya kioo. Lilikuwa ni kioo chenyewe kilichochunwa ngozi.

Chemni ni kioo kitupu, ukikisugua unasugua kioo. Hiki kilikuwa kimevaa nguo, na Khamisa aliivua kwa majivu. Alilielewa hilo palepale aliposimama mlangoni na ndoo yake, akaona duara zile. Aliutambua mkono wake mwenyewe. Hakuna mtu mwingine hotelini aliyesugua kwa mduara.

Saa tatu mwenyewe aliingia na wenzake. Sitasimulia alivyosema, kwa sababu alisema Kitaliano na hakuna aliyefahamu ila sauti. Saa nne Mwaura aliwaita wanawake wale wawili ofisini. Alikuwa amekung'uta kibao cha kuandikia cha ile kompyuta juu ya karatasi nyeupe, na juu ya karatasi kulikuwa na unga wa kijivu.

"Haya ni majivu," alisema. "Nimempigia fundi simu. Anasema utando ukitoka haurudishwi. Hakuna dawa, hakuna kupaka tena. Ni kununua kingine. Zamu ya mapokezi ilikuwa ya nani?"

"Yangu," Kache alisema.

Na hilo lilikuwa kweli. Lilikuwa limeandikwa ukutani.

"Wewe ndiye umesugua?"

Kache akanyamaza. Alikuwa ametazama mbele, ukutani, mikono imefumbatana. Khamisa alifungua mdomo, akaona neno lipo palepale kwenye ncha ya ulimi, dogo tu, mimi. Akamwona Fumo kwenye kitanda cha kamba. Akaona kikombe cha uji.

Mwaura akamgeukia. "Bi Khamisa, wewe ndiye mkubwa wao. Miaka kumi na mmoja. Wewe ulimfundisha huyu kufuta hivi?"

Khamisa aliangalia sakafu. "Sikumfundisha hivyo, bwana."

Nalo hilo lilikuwa kweli. Tazama jinsi watu wawili walivyosema kweli tupu katika chumba kimoja, na uongo ukatoka umekamilika, una miguu na mikono.

Kache aliandikiwa barua kabla ya adhuhuri. Alivua aproni, akaikunja vizuri pembe kwa pembe kama alivyofundishwa, akaiweka juu ya kiti cha kibanda cha kufulia. Khamisa alikuwa humo ndani, nyuma ya mashuka yaliyoanikwa. Hakutoka. Aliiona miguu ya Kache chini ya shuka, ikasimama kidogo, kisha ikaondoka.

Kioo kipya kilikuja mwisho wa mwezi wa nne, mvua ya masika imeshaanza. Fundi alikileta mwenyewe, na safari hii alisema maneno machache, tena kwa hasira. Mwaura akaamua kwamba hakuna mkono mwingine utakaokigusa ila wa Khamisa. Khamisa alikinga maji ya mvua kwenye sufuria iliyosafishwa, akayachuja, akayatia chupani. Alipasua fulana kuukuu ya Fumo ya pamba, iliyofuliwa miaka mingi hata haikuwa na uzi wa kukwaruza, akaifua tena bila sabuni, akaikausha ndani ili isishike vumbi la barabarani. Kila asubuhi alizima, akachomoa waya, akangoja kipoe. Alipangusa kutoka juu kwenda chini, mkono mwepesi kama anayempangusa mtoto mchanga macho. Palipokuwa na kidole alitumia ncha ya kitambaa yenye matone mawili ya maji ya mvua, kisha ncha kavu. Hapakuwa na mstari. Hapakuwa na wingu. Wageni walisifu. Mwaura alisema, "Ona sasa, si ungefanya wewe tangu mwanzo?"

Alilisema kwa wema, na Khamisa hakula siku ile.

Habari zilimjia kwa Nyevu, mwanamke wa Vitengeni aliyekuwa akiuza makaa Muyeye. Khamisa alikuwa amenunua gunia, Nyevu akilishusha.

"Yule mwanao Kache uliyekuwa naye hotelini, amerudishwa kwa Dzombo."

"Lini?"

"Babake hakungoja hata wiki. Na safari hii Dzombo amemkomesha. Alimvunja mkono kwa mchi, huu wa kulia. Mganga wa mifupa ameufunga vijiti, lakini umeunga upande. Hasongi tena ugali, anasongewa na mke mwenziwe." Nyevu akajipangusa uso. "Wanasema alivunja televisheni ya Mzungu. Ni kweli?"

Khamisa akamwambia, "Siyo."

"Nami nilisema. Kache na kuvunja wapi na wapi."

Siku ya pili yake Khamisa aliingia ofisini kwa Mwaura bila kuitwa. Alikuwa amempangia shemejiye aje kumwangalia Fumo endapo yeye angefukuzwa na kulazimika kutafuta vibarua. Alikuwa amejiandaa kwa lolote. Alisimama akasema, "Bwana Mwaura, kioo kile cha kwanza nilikisugua mimi. Majivu yalikuwa yangu, ya jikoni kwangu. Kache alinikataza."

Mwaura aliweka kalamu chini. Akainuka, akafunga mlango.

"Bi Khamisa, kwa nini unaniletea hii leo?"

"Kwa sababu ni leo nimeweza."

"Mimi nimeandika Italia kwamba nimepata mwenye makosa na nimemfukuza. Wamejibu, wameridhika. Unataka niandike tena niseme nilimfukuza mtu ambaye hakukosa? Wataniuliza mimi ni meneja wa aina gani."

"Mrudishe Kache. Mimi nitaondoka."

"Nafasi ya Kache ina mtu. Na wewe ukiondoka, ni nani atashika kile kioo?" Sauti yake haikuwa kali. Ingekuwa kali ingekuwa nafuu. "Mama, hayo mambo yameisha. Nenda kazini."

Basi Khamisa akarudi mapokezi, akazima, akachomoa waya. Alikuwa amekuja na shingo yake mkononi, na hapakuwa na mtu wa kuipokea.

Siku yake ya mapumziko alikwenda Vitengeni. Alibeba mchele, sukari na leso mbili za jozi, akafika saa saba, jua kali, udongo mwekundu wa barabara umemgandia miguu mpaka vifundoni. Akaulizia boma la Dzombo. Dzombo mwenyewe hakuwapo, alikuwa kwenye kilabu cha tembo la mnazi. Kache alikuwa amekaa nje ya nyumba ya makuti, anakoboa mahindi kwa mkono wa kushoto, gunzi amelibana kwa magoti. Mkono wa kulia ulilala pajani, umepinda chini ya kiwiko pasipo na kiungo.

"Hodi, wenyewe."

Kache aliinua macho, akamwona. Akainuka, kwa kuwa alilelewa vizuri, akamletea kigoda. "Shikamoo, mayo."

"Marahaba." Khamisa hakukaa juu ya kigoda. Alikaa chini, mchangani, na bui-bui lake likashika vumbi.

"Baba Fumo hajambo?"

"Yu vivyo hivyo."

"Na kioo kipya nimesikia kimekuja."

"Kimekuja."

"Unakifuta kwa kitu gani?"

"Maji ya mvua. Na fulana kuukuu."

Kache akatikisa kichwa taratibu, kama fundi anayekubali kazi ya fundi mwenziwe. "Maji ya mvua ni mazuri. Hayana chumvi."

Mke mwenza akapita na mtungi, akasalimia, akaenda zake. Punje za mahindi zilidondoka kwenye ungo, moja, mbili, tatu. Kazi ya mkono mmoja ni ya polepole.

"Kache, nimekwenda kwa Mwaura. Nimemwambia ni mimi. Nimemwambia akurudishe, mimi niondoke. Hakutaka. Wallahi hakutaka."

"Najua hawezi kutaka."

"Nitakwenda tena. Nitakwenda kwa Mzungu mwenyewe akija."

"Usiende, mayo. Kwa mkono huu nitafuta nini?"

Khamisa alianza kulia bila sauti, akijipangusa kwa ukingo wa bui-bui. Alisema mengi. Alisema juu ya Fumo, na uji, na dawa, na jinsi neno lilivyokuwa kwenye ulimi likakataa kutoka. Alisema yeye ni mama mbaya. Alisema Kache amwambie lolote, amtukane, amtemee mate. Kache alisikiliza yote huku akikoboa. Hakumkatiza, wala hakumtuliza. Gunzi lilipobaki tupu alilitupa kuku wakakimbilia, kisha akakaa akiutazama ule mkono wake uliopinda.

"Mimi nilijua habari ya Baba Fumo," alisema. "Nilijua kabla hujaniambia leo. Ndiyo maana nilinyamaza kule ofisini, nikutazame utafanyaje. Ulisema hukunifundisha. Nikasema sawa, ameogopa, kila mtu huogopa. Nikaenda kwenye kibanda cha kufulia. Nilikuona nyuma ya mashuka, mayo. Nilisimama."

"Nilikuona umesimama."

"Nilikuwa nakungoja."

"Ungetaka niseme nini, mwanangu? Niambie hata sasa."

Kache akachukua gunzi jingine, akalibana magotini, lakini hakuanza kukoboa.

"Nilitaka uniombe," alisema. "Ungeniambia tu, Kache, nibebee hili, nina mgonjwa. Ningekubebea, mayo. Ningerudi huku nikijua nimekupa. Hukuniomba. Ulichukua."